Kwa nini namba ukiipitisha kwenye F yake yenyewe inatoka imelala sawasawa 0 hadi 1?

#1 Mdadisi_Kisasa
Habari wadau. Nipo mwaka wa pili takwimu hapa Dodoma. Leo tumefundishwa kwamba ukichukua namba nasibu yoyote endelevu X, ukaipitisha kwenye fankisheni yake yenyewe ya mlimbikizo, yaani ukaandika U = F(X), basi U inakuwa imesambaa sawasawa toka 0 hadi 1. Iwe X ni dakika za kusubiri gari, urefu wa watu, kilo za gunia, yote yanatoka umbo moja. Ubaoni ilikuwa mstari mmoja tu:

P(F(X) ≤ u) = P(X ≤ F⁻¹(u)) = F(F⁻¹(u)) = u

Kila hatua naifuata na naikubali ila nikifika mwisho bado sioni KWA NINI. Umbo la X limeenda wapi? Naomba anayeweza anieleze kwa maneno.

#2 Kokotoa
Mkuu hapo hakuna kilichobaki cha kueleza. F imetengenezwa ili ikujibu uwezekano wa kuwa chini ya x. Ukiiuliza uwezekano wa kuwa chini ya pale penye uwezekano u, itakujibu u, we ulitaka ijibu nini? Mstari mmoja unatosha, hayo mengine ni hadithi.

#3 Nanenane_Duka
Mimi sijaelewa swali lenyewe. F(5) si ni namba moja tu? Mfano kama F(5) ni 0.46 basi ni 0.46 leo na kesho, sasa inasambaaje?

#4 Mdadisi_Kisasa
@Nanenane_Duka 5 haibadiliki ila X inabadilika. Leo unasubiri gari dakika 5, kesho 2, keshokutwa 19. Kila siku unaichukua dakika ya siku hiyo unaitia kwenye F unapata U ya siku hiyo. Hizo U za siku nyingi ndo zinasambaa.

#5 Nanenane_Duka
Aaah kumbe F imetulia ila kinachoingia ndani ndo kinarukaruka. Sawa nimekuelewa, endeleeni.

#6 BintiKondoa
Mdadisi mdogo wangu, chukua mfano wa hizo dakika tuufanyie kazi kabisa. Tuseme kituoni kwenu kusubiri kunafuata eksponensho yenye wastani wa dakika 8. Basi F(x) = 1 - e^(-x/8). Hilo ni umbo lililoinama vibaya sana, wengi wanasubiri kidogo na wachache wanasota.

Sasa acha kuangalia F kama fomula, iangalie kama kisu cha kukatia. Gawa 0 hadi 1 mafungu 10, la kwanza 0 hadi 0.1, la pili 0.1 hadi 0.2, hivyohivyo mpaka la mwisho. Halafu jiulize kila fungu limetoka dakika zipi. Fungu la kwanza linatoka dakika 0 hadi 0.84, hiyo ni kama sekunde 51 tu. Fungu la tano, 0.4 hadi 0.5, linatoka dakika 4.09 hadi 5.55, karibu dakika moja na nusu. Fungu la mwisho linaanzia dakika 18.4 na halina mwisho, hata ukisubiri saa mbili umo humohumo. Mafungu yana upana tofauti kabisa kwenye saa ya mkononi lakini kila moja lina asilimia 10 ya watu, kwa sababu F imekata kwa kuhesabu watu, haikukata kwa kuhesabu dakika. Ukikata 20 kila moja lina asilimia 5. Ukikata 1000 ni hivyohivyo. Huo usawa ndo unaouona kwenye U.

Kwa hiyo umbo la X halijapotea, limehamia kwenye upana wa vipande. Ndo maana ukiwa na F mkononi unaweza kurudi kutoka U mpaka X bila kupoteza kitu.

#7 Mdadisi_Kisasa
Dah "limehamia kwenye upana wa vipande", hapo umenishika. Asante sana dada.

#8 Zabibu_Chungu
BintiKondoa kaeleza vizuri ila kaacha sababu yenyewe inayofanya mambo yatokee, ambayo ni mteremko. Mteremko wa F mahali popote ni msongamano wa watu mahali hapo. Ni kama kusukuma chapati, penye donge nene unakandamiza zaidi unga unatawanyika, penye wembamba unapita juujuu, na mwisho unene ni mmoja.

Tazama kwa namba za yeye yeye. Dakika ya kwanza, toka 0 hadi 1, ina asilimia 11.75 ya watu, na F inaivuta iwe na urefu wa 0.1175 kwenye U. Dakika ya toka 20 hadi 21 ina watu wasiofika asilimia moja, ni 0.96 hivi, na F inaibana iwe na urefu wa 0.0096. Watu gawanya kwa urefu, kote unapata 1. Kwa kifupi msongamano mpya ni f(x) gawanya kwa F'(x), na F' ndiyo f yenyewe, kwa hiyo f/f = 1. Hiyo ndiyo SABABU, mengine ni matokeo.

#9 Kokotoa
Zabibu nakuheshimu lakini hiyo sababu yako inahitaji f iwepo. Kuna migawanyo endelevu ambayo haina f kabisa. Ule wa Cantor, F yake inapanda toka 0 mpaka 1 bila kuruka popote lakini mteremko wake ni sifuri karibu kila mahali. Sasa utagawanya nini kwa nini? Na bado F(X) yake inalala sawasawa vizuri kabisa. Mstari wa #1 unaubeba huo, chapati yako haiubebi.

#10 Zabibu_Chungu
Na kule Sabasaba umewahi kukutana na data ya Cantor? 😄 Mtoto kauliza umbo limeenda wapi, nimemwonyesha limeenda wapi.

#11 Kokotoa
Nimewahi kukutana na maswali ya mtihani. Na mtihani haupiti Sabasaba.

#12 fundi_laptopu
Badala ya kubishana jaribuni. Mwenye R abandike hii:

```r
x <- rexp(10000, rate = 1/8)
u <- pexp(x, rate = 1/8)
hist(x, breaks = 20)
hist(u, breaks = 20)
```

Picha ya kwanza inateremka kama kilima, ya pili ni tambarare. Vijiti havitalingana kabisa, kila kimoja kitacheza karibu na 500, wala usishtuke ukiona 478 au 530, hiyo ni bahati tu ya kuchota. Ukiona 900 na 50 hapo kuna kitu.

Asiye na R atumie Excel. Safu A `=-8*LN(1-RAND())` na safu B `=1-EXP(-A1/8)`, vuta chini mistari elfu. Na mkumbuke hiyo ya safu A ni hiihii habari imegeuzwa, unaanza na namba iliyolala sawasawa unairudisha kinyumenyume kupata dakika. Kompyuta zinatengeneza namba za maumbo mengi kwa njia hiyo.

#13 Mzee_wa_Gunia
Asante fundi. Nimeelewa kumbe ukitia data kwenye F yoyote ya mlimbikizo inanyooka. Mimi nina data za uzito wa magunia ya mahindi soko la Kibaigwa, nitatia kwenye F ya umbo la kengele nione.

#14 BintiKondoa
Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. Sio F yoyote, ni F YAKE. Neno "yenyewe" kwenye kichwa cha uzi ndilo linalobeba kila kitu.

Jaribu kwenye ile code ya fundi, x iache na wastani wa 8, ila kwenye mstari wa pili weka `rate = 1/16`, yaani umedhani wastani ni 16. Ukipiga hesabu, uwezekano wa U kuwa chini ya u unatoka 1 - (1-u)². Fungu la kwanza la 0 hadi 0.1 linabeba asilimia 19 badala ya 10, na la mwisho la 0.9 hadi 1 linabeba asilimia 1 tu. Picha inateremka. Maana yake ulidhani watu wanasubiri sana kuliko wanavyosubiri, kwa hiyo karibu kila mtu anaonekana wa chini.

Na hapo ndipo penye faida. Picha ikigoma kulala sawasawa inakuambia F uliyodhania imekosea wapi. Ikijaa pembeni kote kuwili na katikati kukawa na shimo, F yako ni nyembamba kuliko data, thamani za ajabu zinatokea zaidi ya ulivyodhani. Ikivimba katikati, F yako ni pana mno.

#15 Mzee_wa_Gunia
Marahaba binti. Sasa hapo nimeona kazi yake. Magunia yangu yatavimba upande mmoja tu, wale wanaojaza lumbesa siwezi kuwaweka kwenye kengele.

#16 MpimaMvua
Wakuu mimi nakuja na ubishi wa kazini. Nina mvua za kila siku za kituo kimoja cha huku mkoani, miaka mingi. Nimetengeneza F kutoka kwenye data hizohizo, hakuna cha kudhani, ni F yake kabisa. Nikatia, nikachora. Sikupata tambarare, nimepata mnara mmoja mrefu katikati ya uwanja, chini ya mnara hakuna kitu kabisa na juu yake kuna vijiti vifupi. Sasa hiyo kanuni yenu imekufa?

#17 Kokotoa
Mvua ya siku sio endelevu. Uzi umefungwa.

#18 BintiKondoa
Kokotoa usimfungie mtu mlango hivyo. MpimaMvua, Dodoma mvua inaanza Desemba inaisha Aprili huko, na hata ndani ya msimu siku nyingi ni kavu. Tuseme asilimia 80 ya siku zako zote ni sifuri. F(0) inaruka ghafla kutoka 0 mpaka 0.8. Kila siku kavu, zote bila kubaki hata moja, zinapata U ileile moja, 0.8. Huo ndo mnara wako. Na hakuna siku inayoweza kupata U ya 0.3 kwa sababu hakuna mvua iliyo chini ya sifuri. Siku za mvua zenyewe zinajipanga juu ya 0.8 mpaka 1, na ukizikuza hizo peke yake utakuta zimelala vizuri tu.

Neno "endelevu" linazuia hicho tu, F isiruke. Ikiruka, pale iliporuka panabaki tundu kwenye U na watu wote wa tundu wanarundikana ukingoni.

#19 MpimaMvua
Nimekuta hivyohivyo, juu ya mnara vijiti vinalingana. Ila hata huko juu vimekaa na mapengo madogomadogo kama meno ya kitana.

#20 BintiKondoa
Kifaa chenu kinasoma kwa hatua ya ngapi? Kama ni cha ndoo inayopinduka kwa kila milimita 0.2 basi mvua zako ni 0.2, 0.4, 0.6, hakuna 0.3. Kila hatua ni mruko mdogo wa F. Kwenye mvua ndogondogo siku nyingi zinagongana thamani moja ndo maana meno yanaonekana, kwenye mvua kubwa hazigongani sana meno yanapotea.

#21 MpimaMvua
Ni 0.2 kweli. Haya, dawa yake nini?

#22 Zabibu_Chungu
Kuna dawa mbili. Moja ni kuzitenga siku kavu ukafanya za mvua peke yake. Ya pili, zile siku kavu kila moja unaipa namba ya kubahatisha kati ya 0 na 0.8, iliyolala sawasawa. Unajaza tundu, na ukifanya hivyo kwenye kila mruko mdogo pia, U nzima inakuwa tambarare kabisa, hiyo inathibitika.

#23 MpimaMvua
Hiyo ya pili siikubali mkuu. Yaani siku mbili kavu zinazofanana kama mapacha moja naipa 0.1 na nyingine 0.7 kwa kurusha shilingi, halafu nimpelekee bosi?

#24 Zabibu_Chungu
Kwa bosi usipeleke. Ni ya kukagua kama F yako inafaa, sio ya kusema siku ipi ilikuwa kavu kuliko nyingine. Ukikagua rudia kubahatisha mara kadhaa uone kama picha inabaki ileile.

#25 Mkulima_Bahi
Kwani ile SPI ya ukame sio hii hii? Ile ya 1993 ya akina McKee. Wanachukua mvua ya mwezi au ya miezi mitatu wanaitafutia F ya gamma, wanapata namba ya 0 hadi 1, halafu wanaigeuza kwenda kwenye umbo la kengele. Ikitoka -2 mnaambiwa ukame mkali sana.

#26 BintiKondoa
Ndiyo hiihii mkuu, na wao walikutana na mnara wa MpimaMvua. Gamma haikubali sifuri, kwa hiyo wanaandika H(x) = q + (1 - q)G(x), q ikiwa ni sehemu ya vipindi visivyo na mvua kabisa. Sasa chukua Julai ya Dodoma, miaka karibu yote ni sifuri. Tuseme q ni 0.9. Mwezi mkavu kabisa unapata H ya 0.9, ukiipeleka kwenye kengele inatoka kama +1.28, yaani mwezi usio na tone moja unasomeka kama wenye unyevu! Ndo maana SPI ya mwezi mmoja wakati wa kiangazi kwenye maeneo kama yetu usiisome peke yake. Ukijumlisha msimu mzima sifuri zinakwisha na kanuni inarudi kufanya kazi.

#27 Mkulima_Bahi
Sasa hilo nilikuwa sijui na ni la maana sana kwetu. Asante.

#28 Dereva_Nkuhungu
Nawasoma toka asubuhi. Hiyo eksponensho yenu ya dakika 8 kwa gari zetu haipo. Pale tunapopakilia gari haiondoki mpaka ijae, na abiria wa mwisho akipanda tu tunaondoka, huyo hajasubiri hata sekunde. Njiani huko ndo watu wanasubiri.

#29 fundi_laptopu
Kanuni haijali kama ni eksponensho, inataka tu F ya huko. Ila hiyo ya abiria wa mwisho inanifurahisha, huyo ana sifuri kamili. Gari ya watu 30 kila safari ina mtu mmoja wa sifuri, F inaruka kidogo pale mwanzo. Mnara mfupi lakini upo.

#30 Mdadisi_Kisasa
Na je kama kuna dakika ambazo haziwezekani kabisa? Mfano gari zinakuja ndani ya dakika 10 au baada ya 15, katikati hakuna. F inalala bapa kati ya 10 na 15, basi F⁻¹ haijui irudi dakika ipi. Mstari wa #1 si unavunjika?

#31 Kokotoa
Swali zuri sana hili. Hauvunjiki. Unakubaliana tu kwamba F⁻¹(u) ni x ya kwanza kabisa ambayo F yake imefika u, kwa hiyo inarudi 10. Na bapa halikuletei shida kwa sababu hakuna mtu anayeangukia humo, uwezekano wake ni sifuri. Mruko unaleta shida kwa sababu watu wengi wako mahali pamoja, bapa halileti kwa sababu hakuna watu. Tena hapa f/f ya Zabibu inakuwa 0/0 😄

#32 Mama_Takwimu
Wote mnazunguka, sababu ni nafasi ya mtu kwenye mpangilio. Wapange watu wote kwa X zao toka mdogo mpaka mkubwa. F(X) ni kusema uko wapi kwenye mpangilio, sehemu gani ya watu iko nyuma yako. Ukimchukua mtu yeyote bila kuchagua, ana uwezekano uleule wa kuwa wa kwanza, wa katikati au wa mwisho. Nafasi haijui umbo. Hakuna mteremko wala kinyume.

#33 Zabibu_Chungu
Kwa watu elfu sawa, ni nafasi 1 hadi 1000. Ila ukitaka kufika kwenye mstari usio na mwisho lazima utumie ukomo, na ukomo huo utauthibitisha kwa nini kama sio kwa hayo unayoyakataa?

#34 Mama_Takwimu
Nitauthibitisha kwa mlimbikizo wa sampuli kusogelea F. Hiyo imethibitishwa siku nyingi. Nasema tu ndo picha iliyo karibu na ukweli.

#35 Kokotoa
Na kuthibitisha hilo watu wengi wanaanza kwa kugeuza X kuwa U. Unazunguka mama 😄

#36 Mzee_wa_Gunia
Nimerudi. Wastani na mtawanyiko nimeupata kutoka kwenye magunia yenyewe, nikatengeneza F ya kengele, nikatia magunia hayohayo. Imetoka tambarare mno, nikapima na kipimo cha Kolmogorov-Smirnov kikasema safi. Lumbesa wamekwenda wapi?

#37 BintiKondoa
Mzee hapo kuna mtego. F yako umeishona kwa kutumia data ileile unayoipima, kwa hiyo inaifuata data kuliko F ya kweli inavyoifuata. U zinatoka zimenyooka kupita kiasi na kipimo cha kawaida kinakuwa mpole mno, kinapitisha hata visivyofaa. Lilliefors alitoa majedwali ya kurekebisha hilo mwaka 1967 kwa umbo la kengele, tumia hayo. Au tenga nusu ya magunia utafutie F, halafu nusu nyingine ndo uitie. Nusu hiyo ya pili iwe kubwa ya kutosha, magunia 20 hayatakuonyesha lumbesa.

#38 Kokotoa
Hata ukitenga nusu bado F ya nusu ya kwanza ni ya kukadiria, haitakuwa sawasawa kamili.

#39 BintiKondoa
Kweli, ila kosa linahama upande. Sasa itaonekana imepinda zaidi kidogo ya ukweli badala ya kunyooka zaidi. Kwa anayekagua bora hilo.

#40 Kokotoa
Inategemea anakagua ili akatae au akubali. Hilo mi na wewe hatujamalizana.

#41 Mzee_wa_Gunia
Nitafanya zote mbili niweke picha hapa, mzani wa soko unasoma kwa nusu kilo, nadhani nitapata na yale meno ya MpimaMvua.